Vita Viliendelea, Bei Ikashuka: Kisa cha Kamati Iliyonunua Dhahabu Machi 2022

Chanzo cha kisa

Kisa hiki kinahusu kamati ya watu watano iliyokuwa ikisimamia mfuko wa akiba wa wanachama, na uamuzi wake wa kununua dhahabu siku ya Jumanne, tarehe 8 Machi 2022. Nilikuwa mwandishi wa vikao vya kamati hiyo, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza inatoka katika mihtasari niliyoiandika mwenyewe. Wajumbe wameridhia kisa kiandikwe ili wengine wajifunze. Jina la mfuko, mahali ulipo na majina ya wahusika nimeyaondoa, na kiasi cha fedha nimekibadilisha, ila uwiano wake umebaki ule ule. Bei za dhahabu ni zile zilizokuwa sokoni siku hizo, kwa dola za Marekani kwa wakia moja, na nimezikaribisha kwenye tarakimu iliyo rahisi kusomeka.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kamati haikukosea kuhusu vita. Wajumbe walidhani kwamba mapigano ya Ukraine yangekuwa makubwa na ya muda mrefu, na ndivyo yalivyokuwa. Hata hivyo walipata hasara. Wengi wanaonunua dhahabu wakati wa taharuki hujilaumu baadaye kwamba hawakuisoma vyema siasa ya dunia, ilhali kosa lao mara nyingi liko mahali pengine kabisa.

Hali ilivyokuwa kabla ya vita

Mfuko ulikuwa na dola 600,000. Karibu zote zilikuwa katika amana za muda mfupi na hatifungani za dola, ambazo wakati huo zilikuwa zikilipa riba ndogo mno. Kiwango cha Benki Kuu ya Marekani kilikuwa kati ya sifuri na asilimia 0.25, huku mfumuko wa bei nchini humo ukiwa umepita asilimia 7. Kwa maneno mengine, aliyeweka dola benki alikuwa akila hasara polepole, na wajumbe walilijua hilo.

Mwishoni mwa Januari, wakati majeshi ya Urusi yalipokuwa yamekusanyika mpakani mwa Ukraine, mjumbe mmoja alipendekeza asilimia 5 ya mfuko iwekwe katika dhahabu. Bei ilikuwa karibu 1,800. Hoja yake haikuwa vita. Alisema tu kwamba mfuko ambao mali zake zote ni ahadi za kulipwa dola unahitaji kitu kisicho ahadi ya mtu yeyote. Pendekezo lilipokelewa vizuri, likaahirishwa hadi kikao cha robo mwaka, kama yanavyoahirishwa mambo yote mazuri yasiyo na haraka.

Mfululizo wa matukio

Alhamisi ya tarehe 24 Februari, Urusi ilipoanza kuivamia Ukraine, mwenyekiti aliitisha kikao cha dharura kwa simu. Wakati tunaanza, bei ilikuwa imepita 1,950 na bado ilikuwa ikipanda. Baadaye ilifika karibu 1,975. Mweka hazina alikuwa na chati mbele yake na kila baada ya dakika chache alitusomea tarakimu mpya, na nakumbuka kwamba sauti yake ilikuwa ikipanda pamoja nayo. Kamati iliafiki kununua, lakini hati ya kuidhinisha ilihitaji sahihi tatu na mmoja wa watia sahihi alikuwa safarini. Kabla hati haijakamilika, rais wa Marekani alitangaza vikwazo vilivyoiacha kando biashara ya mafuta na gesi, na soko likashusha pumzi. Kufikia usiku dhahabu ilikuwa imerudi karibu 1,900. Ndani ya saa chache ilipanda na kushuka zaidi ya dola 70, na vita vilikuwa havijamaliza hata siku moja.

Tukio hilo lilikuwa somo kamili, lakini hakuna aliyelisoma hivyo. Katika muhtasari wa siku ya pili niliandika kwamba "kamati imenusurika kununua kwa bei ya juu". Siku kumi baadaye, bei ilipopanda tena, maneno hayo yaligeuzwa yakawa "kamati ilikosa nafasi".

Juma la kwanza la Machi lilikuwa zito. Mataifa ya Magharibi yalikuwa yamezuia akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu ya Urusi, kiasi cha dola bilioni 300 hivi, jambo ambalo halijawahi kufanywa dhidi ya nchi yenye uchumi mkubwa kiasi hicho. Mafuta ghafi ya Brent yalikaribia dola 139 kwa pipa tarehe 7 Machi. Siku iliyofuata Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa mafuta ya Urusi nchini mwake, na dhahabu ikafika karibu 2,070, hatua chache tu chini ya rekodi ya Agosti 2020.

Siku hiyo ndipo kamati iliponunua. Safari hii sahihi zote tatu zilipatikana kabla ya adhuhuri. Mfuko ulinunua hisa za mfuko wa dhahabu unaouzwa katika soko la hisa, ambao huhifadhi vipande halisi ghalani, kwa kiasi kinacholingana na wakia 50. Wastani wa bei ulikuwa 2,045, jumla dola 102,250. Hiyo ilikuwa asilimia 17 ya mali yote, zaidi ya mara tatu ya pendekezo la Januari. Nilipoandika kiwango hicho nilimwuliza mwenyekiti kama nimesikia vizuri. Akajibu kwamba nimesikia vizuri, na kwamba hali imebadilika.

Tarehe 9 Machi bei ilianguka chini ya 2,000. Kulikuwa na habari kwamba mawaziri wa mambo ya nje wa Urusi na Ukraine wangekutana Uturuki, na hilo pekee lilitosha. Tarehe 16 Machi Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2018, na dhahabu ilikuwa ikiuzwa kwa kiasi cha 1,920. Mazungumzo ya Istanbul ya mwishoni mwa Machi yaliigusisha 1,890. Hakuna hata moja kati ya mazungumzo hayo lililoleta amani.

Tarehe 18 Aprili bei ilirudi ghafla hadi karibu 2,000. Mweka hazina alipendekeza kuuza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tukiuza sasa tunapoteza kidogo, na kidogo hicho tunaweza kukieleza mbele ya wanachama," alisema. Kamati ilikataa, ikaamua kusubiri bei irudi 2,045 ili mtaji utoke mzima. Katikati ya Mei bei ilikuwa karibu 1,800. Mwishoni mwa juma la tatu la Julai iliteleza chini ya 1,700 kwa saa chache, na hapo wajumbe, wakiwa wamechoka, waliuza nusu ya hisa zao kwa wastani wa 1,710. Mwishoni mwa Septemba soko lilifika karibu 1,615.

Kwa nini waliamua hivyo

Ni rahisi kuwacheka wajumbe hawa leo, lakini uamuzi wao ulikuwa na mantiki, na mantiki hiyo inastahili kuelezwa jinsi walivyoiona.

Walifikiri kwa hatua tatu. Kwanza, vita hivi ni vikubwa. Pili, dhahabu hupanda wakati wa vita. Tatu, kwa kuwa vita vitaendelea, dhahabu itaendelea kupanda. Hatua ya kwanza ilikuwa sahihi. Ya pili ni nusu ya ukweli. Ya tatu ndiyo iliyowaangusha, na ilipita bila mtu yeyote kuihoji kwa sababu ilionekana kuwa matokeo tu ya zile mbili.

Kulikuwa pia na jambo ambalo muhtasari haukuliandika, nami naliongeza kwa hiari yangu. Kukwama kwa hati ya tarehe 24 Februari kulimwacha kila mjumbe akiona kwamba anadaiwa ununuzi. Walipopata nafasi ya pili hawakujadili bei. Walijadili kasi ya kupata sahihi. Kikao cha tarehe 8 Machi kilichukua dakika 25, na kwa hesabu yangu dakika 20 kati ya hizo zilihusu nani atatia sahihi wapi.

Matokeo kwa hesabu

Wakia 25 zilizouzwa Julai ziliingiza dola 42,750, wakati gharama yake ilikuwa 51,125, kwa hiyo hasara ilikuwa 8,375. Wakia 25 zilizobaki zilithaminiwa mwishoni mwa Desemba 2022 kwa bei ya 1,820, sawa na dola 45,500, na hivyo zilikuwa chini ya gharama kwa dola 5,625. Jumla ni dola 14,000, takriban asilimia 14 ya fedha iliyowekwa, bila kuhesabu ada za dalali.

Kuna hasara nyingine ambayo haikuonekana katika taarifa ya fedha. Kufikia Desemba ile ile, kiwango cha Benki Kuu ya Marekani kilikuwa kimefika kati ya asilimia 4.25 na 4.5. Fedha zilizokaa katika dhahabu hazikupata hata senti ya riba hiyo.

Uchambuzi: bei ya hofu huundwaje

Dhahabu hailipi riba wala gawio. Thamani yake ya leo inategemea kile ambacho watu wanadhani kinaweza kutokea kesho, pamoja na kile wanachokikosa kwa kuishika badala ya kushika fedha inayozaa. Taharuki ya vita hugusa upande wa kwanza tu, na huugusa kwa njia ya uwezekano.

Nichukue mfano wa tarakimu, ambazo nimezitunga ili kuonyesha utaratibu. Tuseme bila taharuki dhahabu ina thamani ya 1,800. Tuseme pia kuna hali mbaya sana, kwa mfano vita kusambaa hadi nchi za muungano wa NATO, ambayo ikitokea dhahabu itakuwa 2,600. Soko likiipa hali hiyo uwezekano wa asilimia 30, bei ya haki ni 780 kutoka upande mbaya na 1,260 kutoka upande wa kawaida, jumla 2,040. Majuma mawili yapite, mapigano yaendelee vile vile, lakini hali ile mbaya isitokee, na soko lishushe uwezekano wake hadi asilimia 10. Sasa hesabu ni 260 kujumlisha 1,620, yaani 1,880. Dola 160 zimeyeyuka wakati vita havijapoa hata kidogo.

Hapa ndipo hatua ya tatu ya kamati ilipovunjika. Aliyenunua kwa 2,040 hakununua vita. Vita vilikuwa tayari ndani ya bei. Alichonunua ni nafasi ya asilimia 30 ya jambo baya zaidi kuliko lile ambalo kila mtu alikuwa ameliona. Ili apate faida, haitoshi habari ziwe mbaya. Ni lazima ziwe mbaya kuliko zinavyotarajiwa, na ziendelee kuwa hivyo juma baada ya juma. Kila siku inayopita bila jambo jipya hula sehemu ya alicholipia.

Kwa sababu hiyo kilele cha bei mara nyingi huja karibu na tukio lenyewe, na wakati mwingine siku ile ile. Januari 1991, usiku ndege za Marekani na washirika wake zilipoanza kuishambulia Iraki, dhahabu iliruka ikapita 400, na siku iliyofuata ikaanguka kwa karibu dola 30, kwa kuwa mashambulizi yalionekana kufaulu na visima vya Saudia vilikuwa salama. Januari 2020 mambo yalikuwa ya kasi zaidi. Iran ilirusha makombora kwenye kambi za Iraki zenye askari wa Marekani, kulipiza kisasi cha kuuawa kwa jenerali Kasem Soleimani. Usiku huo dhahabu iligusa 1,611, kiwango ambacho haikuwa imekifikia kwa karibu miaka saba. Ilipobainika kwamba hakuna askari wa Marekani aliyeuawa na kwamba pande zote mbili hazikutaka kwenda mbali zaidi, siku haikuisha kabla bei haijarudi karibu 1,556. Aliyesikia habari asubuhi akanunua mchana alikuwa amechelewa kwa mzunguko mzima.

Kwa nini hupanda haraka hivyo

Kasi ina sababu mbili zinazoshikana. Migodi yote ya dunia hutoa kiasi cha tani 3,500 na ushei kwa mwaka, na hakuna mgodi unaoweza kuongeza uzalishaji kwa sababu ya habari za jioni. Mahitaji yakiruka kwa siku moja, kinachoweza kusogea ni bei peke yake.

Pili, wanaonunua katika saa za kwanza si watu wenye makabati ya kuhifadhia vipande. Ni wafanyabiashara wa mikataba ya bei ya baadaye, yaani makubaliano ya leo ya kununua au kuuza dhahabu siku ijayo kwa bei iliyokwisha kupangwa, ambayo katika soko la New York kila mmoja huwakilisha wakia 100. Bei ikiwa 2,000, mkataba mmoja una thamani ya dola 200,000, lakini mnunuzi huweka dhamana isiyofika hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Fedha kidogo husukuma bei mbali, na pia wale waliokuwa wameuza wakitarajia bei kushuka hulazimika kununua ili kufunga nafasi zao, wakiongeza moto ule ule. Ununuzi wa namna hii una mlango wake wa kutokea: anayeshikilia mkataba kwa dhamana ndogo hawezi kuvumilia mshuko mkubwa, kwa hiyo ataondoka haraka kama alivyoingia. Dola 70 zilizoyeyuka tarehe 24 Februari ziliyeyuka kwa njia hiyo.

Wakati huo huo mnunuzi mvumilivu hujitenga. Anayenunua dhahabu kwa ajili ya vito huahirisha bei inaporuka, na wenye mikufu ya zamani huipeleka kuuza. Bei ya taharuki, kwa hiyo, hukosa sakafu ya wanunuzi wa kila siku.

Vita vile vile viligeuka vikawa adui wa bei

Kama jambo lingekuwa ni hofu kupoa tu, dhahabu ingerudi 1,800 na kubaki hapo. Lakini ilishuka hadi 1,615, chini ya mahali ilipokuwa kabla ya vita. Sehemu hii ya kisa ndiyo yenye funzo kubwa, na ndiyo ambayo wajumbe hawakuiona hadi mwaka ulipoisha.

Vita vilipandisha bei ya mafuta, gesi na ngano. Bei hizo zilichochea mfumuko ambao tayari ulikuwa juu, na mfumuko wa Marekani ukafika asilimia 9.1 mwezi Juni. Wengi hutarajia kwamba mfumuko ni habari njema kwa dhahabu, na kwa majuma machache ilikuwa hivyo. Hatifungani za Marekani za miaka 10 zinazolindwa dhidi ya mfumuko, ambazo faida yake ndiyo kipimo cha kawaida cha riba halisi, yaani riba inayobaki baada ya kuondoa mfumuko, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 1 chini ya sifuri mwanzoni mwa Machi. Asiyepata kitu kwa kukopesha haoni shida kushika dhahabu.

Lakini benki kuu nayo iliuona mfumuko. Baada ya robo asilimia ya Machi, iliongeza nusu asilimia Mei, kisha robo tatu Juni, robo tatu Julai, robo tatu Septemba na robo tatu Novemba. Kufikia mwishoni mwa Septemba kipimo kile cha riba halisi kilikuwa kimepanda hadi karibu asilimia 1.6 juu ya sifuri. Dola nayo iliimarika dhidi ya sarafu nyingine hadi kiwango ambacho haikuwa imekifikia kwa takriban miaka 20, na kwa mnunuzi wa Ulaya au Asia dhahabu iliendelea kuwa ghali hata bei ya dola ilipokuwa ikianguka.

Mnyororo wenyewe, basi, ulikuwa huu: vita vilileta mafuta ghali, mafuta ghali yalileta mfumuko, mfumuko ulileta riba, na riba iliipiga dhahabu. Kamati iliangalia kiungo cha kwanza na ikaishia hapo. Ningependa kusema kwamba nililiona hilo mapema kuliko wao, lakini muhtasari wangu wa Machi hauna hata neno moja kuhusu riba.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Wazo la Januari lilikuwa zuri. Asilimia 5 kwa bei ya 1,800, ikinunuliwa kama mali ya kutofautisha na nyingine, ingemaliza mwaka 2022 ikiwa na thamani ile ile au zaidi kidogo, katika mwaka ambao hisa na hatifungani zote zilishuka sana. Hivyo dhahabu yenyewe haikushindwa. Kilichoshindwa ni kuigeuza bima kuwa kamari baada ya nyumba kuanza kuungua, tena kwa malipo makubwa mara tatu.

Kuuza nusu mwezi Julai, licha ya kufanywa kwa uchovu, kulikuwa uamuzi wa haki kwa sababu kulipunguza hisa hadi karibu asilimia 7 ya mfuko, kiwango ambacho wajumbe wangeweza kulala nacho. Kukataa kuuza Aprili ndilo kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko ununuzi wenyewe. Kufikia Aprili sababu ya kununua, yaani hofu ya vita kusambaa, ilikuwa imepungua waziwazi, na riba zilikuwa zimeanza kupanda. Bei ya 2,045 haikuwa na maana yoyote kwa soko. Ilikuwa na maana kwa kamati peke yake, kwa kuwa ndiyo waliyolipa.

Ishara zilikuwapo kwa anayejua pa kuangalia. Kuanzia katikati ya Machi dhahabu ilikuwa ikipanda siku za habari mbaya na kurudi chini ya pale ilipoanzia siku mbili tatu baadaye. Shambulio jipya lililokuwa likipandisha bei kwa dola 40 mwanzoni mwa Machi, mwezi mmoja baadaye lilipandisha 10. Na riba halisi ilikuwa ikipanda karibu kila juma huku dhahabu ikisitasita karibu na 1,930. Mambo hayo mawili hayakai pamoja kwa muda mrefu yasipokuwapo mnunuzi mwingine mkubwa.

Mnunuzi mwingine mkubwa

Msomaji anayefuatilia soko atakuwa na pingamizi: dhahabu ilipita 3,000 mwezi Machi 2025, kwa hiyo hata aliyenunua 2,045 alipata faida akivumilia. Ni kweli, na wakia 25 zilizobaki zilifanya hivyo. Lakini ni lazima kutenganisha sababu.

Kuzuiwa kwa akiba ya Urusi kulizifundisha benki kuu nyingi kwamba dola zilizowekwa nje zinaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja, na dhahabu iliyo ghalani mwako haiwezi. Mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka, karibu mara mbili ya wastani wa miaka kumi iliyotangulia. Vita vile vile, basi, vilikuwa na athari mbili. Ile ya haraka iliishi kama majuma mawili. Ile ya polepole ilianza siku zile zile, ikafunikwa na riba kwa miezi minane, kisha ikajitokeza bila taharuki yoyote. Mnunuzi wa tarehe 8 Machi alilipia athari ya kwanza. Kilichomwokoa ni ya pili, ambayo hakuifikiria wala hakuihitaji kuinunua kwa haraka, maana mwishoni mwa Septemba ilikuwa ikiuzwa kwa dola 400 pungufu.

Utaratibu mpya na mtihani wake

Mwanzoni mwa 2023 kamati ilipitisha kanuni fupi. Dhahabu isizidi asilimia 8 ya mfuko. Ununuzi ugawanywe katika sehemu tatu zenye nafasi ya mwezi mmoja kati yake. Na kabla ya kununua wakati wa taharuki, mweka hazina aandike riba halisi na thamani ya dola vimeelekea wapi katika miezi mitatu. Vyote viwili vikiwa vinapanda, ununuzi usubiri.

Mtihani ulikuja Oktoba mwaka huo, baada ya shambulio la tarehe 7 dhidi ya Israeli na vita vya Gaza vilivyofuata. Dhahabu ilipanda kutoka karibu 1,820 hadi kupita 2,000 ndani ya majuma matatu. Mweka hazina alitimiza wajibu wake: riba halisi zilikuwa juu na zinapanda, dola vilevile. Kamati ikasubiri. Mwanzoni ilionekana wamefanya vema, maana katikati ya Novemba bei ilishuka hadi karibu 1,940. Lakini faida ya hatifungani za Marekani za miaka 10 ilikuwa imegusa asilimia 5 tarehe 23 Oktoba na kuanza kushuka kwa kasi, na mwishoni mwa Novemba dhahabu ilikuwa tena juu ya 2,030. Safari hii kiasi cha theluthi moja tu ya kilichopandishwa na hofu ndicho kilififia, na riba zikajaza pengo kabla halijafika chini.

Kanuni, kwa hiyo, iliwanyima faida. Mjumbe aliyetoa pendekezo la Januari 2022 aliomba iandikwe katika muhtasari kwamba kipimo cha miezi mitatu huangalia nyuma na kwamba hakiwezi kuona riba ikigeuka, na mwenyekiti akakubali iandikwe hivyo. Kanuni haikubadilishwa. Katika kikao kilichofuata walinunua sehemu ya kwanza kati ya tatu, kwa bei iliyokuwa karibu sawa kabisa na ile ya tarehe 8 Machi.